Aliyebahatisha kapewa 85, aliyepima kapewa 30. Huu ni mtihani au bahati nasibu?

Wakuu, nina gereji ndogo na vijana wawili wanaojifunza kwangu. Juzi niliwapeleka chuo fulani, jina naliacha, wakapimwe kwa vitendo. Kila mmoja kapewa dakika 40 na kosa lilelile la kutegwa: ukizungusha ufunguo, injini inazunguka kwa uzito na haiwaki. Mtahini alikuwa amekichafua kibanio cha hasi cha betri na kukilegeza kidogo.

Kijana wa kwanza kasikia ule mzunguko, kasema "stata hiyo". Mita hakuigusa. Kafungua betri, kashusha stata, kafunga nyingine ya stoo, karudisha kibanio na kukikaza. Gari likawaka, 85. Stata aliyoitoa ilikuwa nzima! Kilichoponya gari ni kule kufungua na kukaza kibanio, na yeye mwenyewe hana habari.

Wa pili kapima betri ikiwa imetulia, 12.6. Kachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka, kisha kapima huku mwenzake anazungusha ufunguo. Betri ikasoma 11.2, lakini kwenye stata zikafika 8.9 tu. Volti 2.3 zimepotelea njiani. Upande wa chanya zimepotea 0.3, hiyo inavumilika. Upande wa athi, 2.0. Hapo kasogeza ncha ya mita hatua kwa hatua, na kati ya kichwa cha betri na kibanio chake peke yake kakuta 1.8. Kafungua, kapiga msasa, kakaza, kapima tena: 0.1. Kengele ikalia fyuzi ikiwa mfukoni mwake. Mtahini kawasha, injini ikazunguka kwa kasi safi, haikuwaka. Kaandika "gari halijawaka", 30.

Karatasi ya alama nimeiona. Gari kuwaka 70, usalama na usafi 30. Kipengele cha "amejuaje" hakipo kabisa!

Spana_13
Mkuu punguza hasira. Mteja analipia gari linalowaka, halipii namba za mita. Mimi mzunguko ukiwa mzito nabadilisha betri kwanza, mara nyingi ndiyo yenyewe.

FundiUmeme
Mara nyingi, sawa, lakini si hapa. Betri ikiwa imechoka, au stata inakula umeme kupita kiasi, volti za betri zenyewe zinaporomoka wakati wa kuzungusha, hata chini ya 9.6. Hii ilibaki 11.2 na injini bado nzito. Maana yake umeme unazuiwa njiani, haufiki. Namba hiyo moja ilitosha kuwaokoa betri na stata wote wawili. Upande wa athi nikiona zaidi ya 0.5 sisogei mbele, na wengi wanataka isizidi 0.2.

Ila mleta uzi, kijana wako naye ana kosa. Fyuzi uliyoichomoa ni deni. Kwangu angepoteza alama 10 hapo, siyo 70.

MamaShamim
Samahani jamani, Noah yangu ikiwashwa inalia "ta" mara moja tu, haizunguki kabisa. Nayo ni kibanio? Fundi anataka laki na nusu ya stata.

FundiUmeme
Dada, huenda ni stata kweli, siwezi kukisia kutoka huku. Mwambie apime volti kwenye stata wakati unazungusha ufunguo. Zikifika kamili na haizunguki, mlipe. Akikataa kupima, usimpe hela.

Mwalimu_wa_Karakana
Nimesahihisha mitihani hii miaka mingi. Nina wanafunzi 24 na mtahini ni mimi peke yangu. Siwezi kumsimamia kila mmoja nione mita kaiweka wapi. Gari likiwaka nalisikia hata nikiwa mwisho wa karakana.

Mleta uzi
Mwalimu, basi wape karatasi. Kabla hajafungua nati, aandike anashuku nini, kapima wapi, kapata ngapi. Wewe uliyetega kosa unazijua namba, utamjua anayebuni.

Mwalimu_wa_Karakana
Watanakiliana. Labda kila gari litegwe kosa lake. Na nikuulize: aliyepima vizuri muda ukamwishia, na aliyebahatisha gari likaondoka, nani nimpe cheti? Huyo wa kwako ningempitisha. Wapo wanaopima saa nzima hawamalizi.

Spana_13
Bado nasema gari liwake kwanza.

Mleta uzi
Spana, leo asubuhi imeletwa Probox, mzunguko mzito vilevile. Nikampa yule wa 85. Ameshaanza kulegeza boliti za stata.