Naombeni ushauri: taarifa ya kampuni kwa waandishi wa habari naigeuzaje iwe posti ya blogu?

Habari zenu wakuu, kampuni ninayofanyia kazi inauza pampu za sola kwa wakulima wa mboga, nimepewa taarifa ya waandishi wa habari niigeuze iwe posti ya blogu. Aya ya kwanza yote ni "tunayo furaha kutangaza ushirikiano wa kimkakati" na benki, inafuata nukuu ya mkurugenzi, na lile la maana, kwamba mkulima sasa anachukua pampu analipa kidogo kidogo, limefichwa aya ya tano huko. Nikapitia maswali ya wateja watsapu, hakuna hata mmoja anayeulizia ushirikiano, wanauliza kianzio shilingi ngapi, kisima cha mita 30 itavuta, siku ya mawingu inakuwaje, na nikishindwa kulipa mnakuja kuing'oa?

Kwa hiyo nimeweka kichwa "Pampu ya sola kwa mkopo: unalipa nini na lini", nukuu nikaishusha chini. Sasa bosi anataka irudi juu, na hilo la kung'oa pampu, taarifa haisemi kitu, watu wa mauzo wanasema niliache tu. Mimi naona tukiliruka msomaji atajua tunakwepa. Mliowahi kufanya hii kazi, bosi mlimwelewesha vipi, na jibu nimfuate nani, benki au mwanasheria wetu?