Kinu cha saruji: mifuko ya poliesta, akriliki au aramidi?

Kinu_Changamwe: Asalamu alaikum ndugu zangu. Kichujio cha kinu chetu cha kusaga saruji kina mifuko ya poliesta, na kundi la mwisho limetoboka baada ya miezi minane tu, hata vumbi likaonekana kwenye dohani. Hewa huingia ikiwa na nyuzi 95 hadi 105, na kinu hupozwa kwa maji ya kunyunyizia. Je, ninunue akriliki, au aramidi inayostahimili nyuzi 200?

Fundi_Likoni: Chukua aramidi. Poliesta yako imeungua, na kitambaa kinachostahimili 200 hakitashindwa na 105.

Mzee_Miritini: Mwanangu wa Likoni, joto huua mfuko kweli, ila poliesta ikiwa kavu huvumilia nyuzi 130 hivi. Kinachoidhuru hapa ni joto na mvuke vikikutana, maana mvuke huzikatakata nyuzi za kitambaa kutoka ndani, na aramidi nayo hudhurika kwa namna hiyohiyo. Akriliki haisumbuliwi na mvuke, mradi joto lisizidi nyuzi 125 hivi. Lakini usinunue kabla ya kukata kipande mahali pasipo na tundu na kukivuta kwa mikono. Kikichanika kama karatasi kuukuu, ni mvuke. Kikigoma, kitambaa hakina kosa, na utazame matundu yalipo. Yakifuata mistari ya wima, ni waya za keji inayoshikilia mfuko kwa ndani. Yakiwa karibu na shingo, huenda bomba la kupulizia limepinda na pigo la hewa linakwenda upande.

Salma_Kisauni: Sisi tuna kinu cha unga wa mahindi, na mifuko ilitoboka chini kwa kugusana. Tuliongeza presha ya hewa ili isafike vyema, vumbi likazidi. Nasi tuhamie akriliki?

Mzee_Miritini: Hapana, binti yangu, huko kwenu hakuna mvuke wa moto. Nyoosheni keji, kisha mrudishe presha chini, kwa sababu anayechuja hasa ni ule utando wa vumbi uliojijenga juu ya kitambaa, na mkiupukuta wote kila mara, vumbi jembamba hupenya. Mimi huacha mfumo upulize pale tu geji inapoonyesha tofauti ya milimita 130 za maji kati ya pande mbili za mifuko.

Kinu_Changamwe: Nimevuta. Mfuko wa safu ya kati umechanika kama gazeti la zamani, lakini wa karibu na mlango ni mgumu, na umekatwa kwenye mistari yenye kutu.

Mzee_Miritini: Basi una maradhi mawili. Mpira wa mlango huo unapitisha hewa baridi, mvuke unageuka maji, na keji zinaota kutu. Akriliki itaponya safu ya kati tu.

Fundi_Likoni: Je, akipunguza maji na kubaki na poliesta? Akriliki ni ghali.

Mzee_Miritini: Saruji itapata joto, jasi iliyomo ipoteze maji yake, na zege ligande kabla ya wakati. Kiasi gani kinaweza kupunguzwa kwenye kinu chake, hilo apime mwenyewe.