Kikundi: Kisima cha Mzee, Chumbageni

*Zuhura amemwongeza Hamisi*

Hamisi: Asalaam alaykum. Nimeingizwa sasa hivi, hapa Maskati naona jina la kikundi tu. Kuna nini?

Zuhura: Waalaykum salaam kaka. Ni ile pampu. Sote tumeshasema, umebaki wewe.

Hamisi: Pampu ipi? Nimebaki kusema nini?

Salim: Ngoja nikufowadie zote tangu Jumatatu.

Shangazi Mwajuma: Tangi langu limepasuka tangu mfungo, mbona mimi hamkunifungulia kikundi 😂

Hamisi: Salim, nimesoma. Kuna "mimi niko na ya kwanza", kuna "sawa", kuna "hapana, mpya". Nani kasema? Ya kwanza ipi? Na fundi anataka laki 2 na 20 au 3 na 20?

Rehema: Salim, ukifowadi, jina la aliyeandika na saa yake havionekani. Na ile 220,000 ni bei ya Jumatatu, kabla fundi hajafungua mota akakuta sili nayo imekufa. Hamisi, ziache hizo, soma hii tu.

Pampu ya kisima cha nyumbani iliungua Jumapili. Maji yalishuka, ikaendelea kuzunguka kavu. Fundi ameshaitoa, mabomba yamelala uani, Mama ananunua maji ya madumu.
Tunaamua jambo moja: mota isukwe upya kwa 320,000, au tununue pampu mpya kwa 780,000. Kuirudisha kisimani kumo ndani ya bei zote mbili. Mimi na Salim tunataka mpya, maana ya kusukwa ikifa tutalipa tena kung'oa mabomba. Mama na Zuhura wanataka isukwe, hela itakayobaki inunue kifaa cha kuizima maji yakipungua. Wawili kwa wawili, ndiyo maana umeitwa.
Pesa ninazo, 850,000, huchangishwi. Jibu "kusuka" au "mpya" kabla ya kesho adhuhuri. Fundi anasafiri Ijumaa.

Salim: Hujasema pampu ina miaka tisa.

Rehema: Kweli, nimeisahau, na ndiyo sababu yangu kubwa.

Hamisi: Sasa nimeelewa. Ila mpya nayo bila hicho kifaa si itaungua vilevile?

Rehema: Itaungua. Kifaa ni 110,000, na tukinunua mpya tunabaki na 70,000.

Shangazi Mwajuma: Kwa hiyo mnanichangia tangi au hamnichangii?

Salim: Shangazi, hapa ni pampu.

Hamisi: Basi jibu langu: mpya, lakini pamoja na kifaa. 40,000 inayopungua natuma mimi leo usiku. Bila kifaa, mnihesabu kwenye kusuka.

Zuhura: Mimi bado naona isukwe. Ngoja nimsomee Mama hii ya Rehema. Zile sauti mlizomtumia hajafungua hata moja.