Tupeane uzoefu: mboga za kwenye viroba uani, kuuzia majirani

MamaIsevya
Habari zenu wakuu. Niko Tabora mjini, nina viroba sita vya kilo 100 nyuma ya nyumba. Kila kimoja kina mashimo 30 ubavuni, sukuma wiki na chainizi, na juu nimeweka mchicha. Majirani wananunua fungu 500, wanakuja na bakuli jioni nawachumia palepale. Shida ni kwamba mashimo ya juu yanastawi ila safu mbili za chini zinanyauka, majani yanakuwa manjano. Viroba vinne viko hivyo. Waliopitia hili wananiambiaje?

Kapuku_wa_Ngambo
Maji hayatoshi dada. Kiangazi hiki cha Tabora ongeza dumu zima kwa kila kiroba, asubuhi na jioni. Mimi nilifanya hivyo ikawa poa.

MamaIsevya
Dumu nanunua 200 kaka. Viroba sita mara mbili kwa siku, hiyo ni 2,400. Sukuma yenyewe hainipi hata hiyo.

MzeeGungu
Salaam kutoka Kigoma. Mwanangu, kabla hujaongeza maji hebu jua kwanza chini kukoje, maana kukauka na kuoza vyote vinaleta majani ya njano. Chukua nondo nyembamba au kijiti kikavu, ingiza kwenye shimo la chini kabisa hadi katikati, kaa nacho dakika chache, kisha uchomoe. Kikitoka kikavu, maji hayafiki. Kikitoka na tope lenye harufu mbaya, yanatuama na mizizi inaoza, basi ukiongeza dumu unaua kabisa.
Swali: ulijaza vipi? Uliweka nguzo ya mawe katikati?

MamaIsevya
Shikamoo mzee. Niliweka kokoto kwa kutumia kopo la maziwa lililotolewa kitako. Najaza kokoto koponi, udongo pembeni, napandisha kopo.

MzeeGungu
Marahaba. Kopo la maziwa ni jembamba. Udongo ukishuka kidogo unaziba nguzo, halafu maji yote yanaishia juu. Mimi natumia ndoo ndogo ya lita 10 isiyo na kitako, na mawe ya ukubwa wa yai, siyo kokoto ya zege. Na ukimwagilia, maji yaende kwenye mawe taratibu, usimwage juu ya mchicha. Udongo wa kwenu ni wa kichanga. Ukimwaga haraka yanapenya pembeni, kati ya udongo na kiroba, yanatokea chini. Mtu anaona chini kumelowa anadhani yamefika.

Mpemba_Tabora
Kweli kilimo cha magunia kina changamoto. Mimi mahindi yangu dumuzi wameingia gunia la tatu sasa. Mnatumia dawa gani?

DadaKanyenye
Hahaha kaka, hapa gunia ndilo shamba. Fungua uzi wako wa mahindi 😂

Mimi tatizo langu lilikuwa samadi. Nilichukua ya ng'ombe bado ina joto, nikachanganya nusu kwa nusu. Miche iliungua ndani ya wiki. Sasa nasubiri mpaka ipoe na isinuke, halafu madebe mawili ya udongo kwa debe moja la samadi. Mmeshawahi kuteswa na vidukari? Nanyunyiza majivu, ila wateja wanalalamika mboga ina mchanga.

Kapuku_wa_Ngambo
Maji ya sabuni ya unga, dada. Wanakufa wote.

MzeeGungu
Sabuni ya unga inaunguza majani, na hayo majani watu wanakula. Mimi naponda vidukari kwa vidole wakiwa wachache, na jani lililojaa nalikata.

Kapuku_wa_Ngambo
Kwa viroba vingapi mzee? Mimi nina 20, hivyo vidole sina.

MamaIsevya
Mrejesho. Kijiti kimetoka kikavu kwenye viroba vitatu. Cha nne kilitoka na tope linalonuka, hicho nilikiweka penye bonde la bafuni. Nimekiinua juu ya matofali, nikakitoboa chini. Kwenye hivyo vitatu sikutaka kumwaga udongo, miche ingekufa. Nimechimba katikati kwa kipande cha bomba hadi karibu na chini, nimejaza mawe makubwa. Lita 5 asubuhi na 5 jioni, taratibu, kwa kikombe. Siku ya nane leo: vya kwanza viwili vimeinuka, cha tatu safu ya mwisho imekufa, nimepanda matembele badala yake. Cha bafuni sijui bado.

DadaKanyenye
Kwa hiyo maji kwa siku?

MamaIsevya
Madumu matatu kwa vyote sita, 600. Kwa wiki 4,200. Wiki iliyopita nimeuza mafungu 31, yaani 15,500. Ila mama wa nyumba ya tatu anachukua kwa daftari, mafungu yake tisa sijaona hela.