Mnaotia "nipo kwa sababu tupo" kwenye msemo wa Wazulu, mmeyatoa wapi maneno hayo?

Mpasua_Nazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, imetosha sasa. Semina ya uongozi, mahafali, harambee, popote msemaji akiishiwa hoja anashusha pumzi na kusema: "Wazulu wana neno moja, ubuntu, maana yake mimi nipo kwa sababu sisi tupo." Ukumbi mzima makofi. Hakuna anayeuliza maneno hayo yako wapi kwenye msemo wenyewe, na hayamo!

Tuusome taratibu, maana sisi wa Kiswahili ndio hatuna kisingizio kabisa. *Umuntu ngumuntu ngabantu.* Umuntu ni mtu. Ngumuntu ni "ni mtu", ile ng- ya mbele ndiyo "ni" yetu. Abantu ni watu, ngabantu ni "kwa watu". Mtu ni mtu kwa watu, basi. "Mimi" haimo, ingekuwamo mngeiona ngi-. "Sababu" haimo, ingekuwa ngoba. Hata "wengine" haimo, ingekuwa abanye. Mmetia nazi mnazotaka halafu mnasema ni mchuzi wa bibi wa Kizulu.

Hiyo "nipo kwa sababu tupo" ina mwenyewe. Aliiandika John Mbiti, Mkamba wa Kenya, mwaka 1969, akieleza jinsi alivyouona uhusiano wa mtu na jamii yake katika fikra za Kiafrika. Hakuileta kama methali ya Wazulu. Ni yetu huku Afrika Mashariki, tunaipeleka Durban kisha tunairudisha kama bidhaa ya nje.

Lakini kinachonikera zaidi ni maana kulegezwa. Kwenye hotuba ubuntu ni kumbatio: sote tu ndugu, tusameheane, tuchangie. Kwa Mzulu ubuntu ni kipimo. Anasema *unobuntu*, ana utu, na anasema pia *akanabuntu*, hana utu. Kitu unachoweza kukikosa hakiwezi kuwa haki ya kila anayepumua. Na sisi tunajua hivyo, mtu akimpiga mzazi wake hatusemi kakosea kidogo, tunasema huyo si mtu.

Dada_wa_Kisutu

Kaka, umekasirika vizuri ila umekosea padogo. Nga- ni "kwa" ya chombo, kama kwa kisu, kwa gari. Kwa hiyo watu ndio nyenzo, mtu anatengenezwa kwa kuwatumia watu. Hapo hao wasemaji hawako mbali sana na ukweli.

Mpasua_Nazi

Dada, nga- ya chombo ipo, sikatai. Ila ukiunganisha nga- na abantu unapata ngabantu, na ukiunganisha ile ng- ya "ni" na abantu unapata ngabantu vilevile. Na hiyo ng- ya pili ndiyo inayomtaja mtendaji kwenye kutendwa, kama sisi tunavyosema "amelelewa *na* watu". Kwa maandishi huwezi kuzitenganisha.

Mwalimu_Mstaafu

Vijana, tazameni kwa jirani. Wasotho wana msemo huohuo: *motho ke motho ka batho*. Kwao mambo mawili hayo yana maneno mawili tofauti. Ke ni "ni", na ndiyo pia humtaja mtendaji. Ka ni "kwa" ya chombo na njia. Msemo una ka mbele ya watu. Kwa hiyo dada ana uzito wake, ingawa Msotho si shahidi wa mwisho kwenye kesi ya Mzulu.

Sasa wekeni pembeni yake methali nyingine ya Kizulu ya umbo hilohilo: *inkosi yinkosi ngabantu*, mfalme ni mfalme kwa watu. Hakuna anayeitafsiri hii kuwa mfalme anawapenda raia wake. Inamwambia mfalme kwamba watu wakimhama, hana ufalme. Ni sharti, tena lina vitisho ndani yake. Ukiisoma ya mtu kwa sauti hiyo unasikia jambo jingine: utu wako unathibitishwa na namna unavyokaa na watu, na wao wanaweza kukunyima. Sasa angalieni viongozi wanavyopenda kuinukuu ya mtu na kuisahau ya mfalme.

kompyuta_mbovu

Samahani wakuu, mimi Ubuntu yangu ni ya 22.04, tangu nimeiweka haioni waifai. Kuna anayejua tatizo?

Mpasua_Nazi

Ndugu, hiyo ni ya kompyuta, ilianza 2004. Huku tunaizungumzia iliyotangulia. Ila nayo imechangia, jina lilienda dunia nzima na tafsiri yake ya kutanuliwa.

Wakili_Msomi

Mnawabebesha wasemaji wa semina lawama zote, na Waafrika Kusini wenyewe wameitanua. Mwaka 1995 Mahakama ya Katiba iliifuta adhabu ya kifo katika kesi ya Makwanyane, majaji wote 11 wakakubaliana, na Jaji Mokgoro akaunukuu msemo huu kwenye hukumu yake. Methali haikutungwa kwa ajili ya kitanzi. Nao tuwafokee?

Mpasua_Nazi

La. Mokgoro alibeba hoja: kama utu wa kila mtu umefungwa kwa wenzake, dola haiwezi kumfanya muuaji kuwa kitu cha kutupwa. Unaweza kumpinga, lakini kuna hatua unazoweza kuzifuata.

Ninachokataa ni kukata sentensi. Katiba ya mpito ya 1993, mwishoni kabisa, ilisema panahitajika kuelewana si kisasi, kufidia si kulipiza, ubuntu si kuonea. Kufidia na ubuntu vimekaa sentensi moja! Ukaja msamaha wa kisheria kwa waliokiri makosa ya kisiasa mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, na hotuba zikaimba ubuntu. Upande wa fidia, Tume ilipendekeza wahanga walipwe kila mwaka kwa miaka 6. Mwaka 2003 serikali ikatoa randi 30,000 kwa mtu, mara moja, basi. Neno likabaki, deni likapungua.

Na kwenye desturi za Kizulu zenyewe, kijana akimpa binti mimba nje ya ndoa, ukoo wake hauendi na methali. Unaenda na *inhlawulo*, malipo ya kuyaweka sawa mambo kati ya koo mbili.

Wakili_Msomi

Hapo kwenye fidia nakubali. Ila kumbuka Katiba ya 1996 haikulirudia neno ubuntu popote, na majaji wameendelea kulitumia. Neno lina maisha yake, huwezi kulifungia kwenye sarufi.

Binti_Mahafali

Jamani, mimi Jumamosi natakiwa kusoma hotuba ya mahafali na nimeshaiweka "nipo kwa sababu tupo". Pia ile hadithi ya mtafiti na kapu la matunda, watoto wanashikana mikono wanakimbia pamoja wakisema ubuntu. Nifute vyote?

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu, ya kwanza iache, ila sema ni ya Mbiti. Ukitaka methali, tunayo: mtu ni watu. Fupi kuliko ya Kizulu na haihitaji mkalimani. Ya kapu, jaribu kutafuta jina la mtafiti, kijiji na mwaka. Kila anayeisimulia anaanza na "mtafiti mmoja".

Binti_Mahafali

Shikamoo mwalimu. Nimetafuta tangu asubuhi. Wengine wanasema peremende, wengine matunda, jina hakuna. Naifuta, ila sasa hotuba imebaki dakika mbili.