Naomba ushauri: PPV ya kipimo cha malaria kutoka Kisumu, nitumie huku Njoro?

Kliniki_Njoro:
Wadau, hamjambo. Tunaandika mwongozo wa kliniki kuhusu vipimo vya haraka vya malaria, vile vinavyotafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria. Tuseme utafiti ulifanywa Kisumu kwa wagonjwa 1,000 wenye homa, na darubini ikaonyesha 400 wana malaria. Kipimo kikawakamata 380 kati yao. Kwa wale 600 wasio na malaria, 60 majibu yao yakawa chanya pia. Basi chanya zote ni 440 na za kweli ni 380, yaani PPV, uwezekano wa chanya kuwa ya kweli, ni asilimia 86. Rejista yetu ya maabara inaonyesha kwamba kati ya watu 100 tunaowapima, chanya ni 4 tu. Naweza kuandika kwamba chanya ya hapa ni ya kuaminika kwa asilimia 86?

Hesabu_Tu:
Usiandike hivyo. Sensitiviti ya 95, yaani wagonjwa wanaokamatwa, na spesifisiti ya 90, yaani wazima wanaopata hasi, ni tabia za kipimo, hazibadiliki. Badilisha kiwango cha maambukizi pekee. Weka asilimia 4: kwa watu 1,000, wagonjwa ni 40, kipimo kinakamata 38. Wazima ni 960, na 96 wanapata chanya ya uongo. Chanya za kweli ni 38 kati ya 134, asilimia 28.

Mwanafunzi_Eldi:
Samahani kuingilia. Mimi nina kipimo cha brusela, wagonjwa 150 waliothibitishwa na wachangiaji damu 150. Programu ya takwimu ya SPSS inanipa PPV ya 94. Niiweke kwenye tasnifu?

Labu_Kondele:
@Mwanafunzi_Eldi iondoe. Nusu ya watu wako ni wagonjwa kwa sababu wewe ndiye uliyewachagua hivyo, na hakuna kliniki yenye foleni ya namna hiyo. Hata spesifisiti yako itaonekana nzuri kupita kiasi, maana mchangiaji damu mwenye afya si sawa na mtu mwenye homa ya taifodi.

Sasa @Hesabu_Tu, umeanza vizuri, lakini tazama jibu lako. Hesabu yako inatoa chanya 134 kwa watu 1,000. Rejista ya Njoro inatoa 40. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Spesifisiti ikiwa 90, hata kama hakuna mgonjwa hata mmoja, rejista ingeonyesha chanya 100 kwa 1,000. Kwa hiyo kama rejista ni sahihi, spesifisiti ya Njoro haishuki chini ya 96.

Sababu iko kwenye damu yenyewe. HRP2 hubaki kwa wiki kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwezi, baada ya dawa kuua vimelea. Kisumu na kanda yote ya ziwa, watu wengi wametibiwa malaria majuzi, wanakuja na homa ya kitu kingine, mstari unatokea, slaidi haina kitu. Njoro watu wa aina hiyo ni wachache. Kosa la pili ni kuichukua ile asilimia 4 kama maambukizi. Ile ni chanya zote, za kweli na za uongo. Irekebishe hivi, ukitumia desimali:

```
maambukizi = (chanya + spesifisiti - 1) / (sensitiviti + spesifisiti - 1)
```

Kwa spesifisiti ya 98: (0.04 + 0.98 - 1) / (0.95 + 0.98 - 1), kama asilimia 2. Kwa watu 1,000 wagonjwa ni 20, wanaokamatwa ni 19, chanya za uongo ni 20 hivi. PPV inakaribia nusu.

Hesabu_Tu:
Nimekubali. Ila hiyo 98 umeitoa wapi? Nikiweka 97, PPV ni kama robo. Nikiweka 99, ni robo tatu.

Labu_Kondele:
Ni ya mfano, na hapo ndipo ugumu ulipo: pointi moja ya spesifisiti inageuza kila kitu. Kwa hiyo @Kliniki_Njoro, ipime PPV yako moja kwa moja. Kila chanya itengenezewe slaidi nene kabla ya dawa, isomwe na mtu asiyejua jibu la kipimo. Andika pia kama mgonjwa alimeza dawa ya malaria mwezi uliopita, na kama ametoka kanda ya ziwa. Wasafiri wahesabu peke yao, maana kwao maambukizi ni mengine kabisa na PPV itapanda.

Kliniki_Njoro:
Slaidi 40 zitatosha?

Hesabu_Tu:
Zikigawanyika nusu kwa nusu, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 35 na 65. Ukiwatenga wasafiri, kila kundi litabaki dogo zaidi.

Labu_Kondele:
Na slaidi hukosa vimelea vikiwa vichache sana, kwa hiyo baadhi ya hizo "za uongo" huenda ni malaria ya kweli. Ni ngapi, darubini peke yake haitakuambia. Anza na hizo 40, na mwongozoni usiandike 86.