Mrejesho: Fundi bomba Kigoma kuonekana Instagram

Niliuliza: "Mtu akitafuta 'fundi bomba Kigoma' Instagram, akaunti yangu haitokei. Nirekebishe nini?"

Asanteni wakuu, sasa inatokea. Kilichosaidia zaidi ni sehemu ya Jina kwenye wasifu, kwani nayo hutafutwa. "Mabomba Kwanza" imekuwa "Fundi Bomba Kigoma". Amua vizuri kabla ya kuhifadhi: Jina hubadilishwa mara 2 tu ndani ya siku 14.

Chini ya picha, badala ya "Kazi safi", sasa nimeandika: "Koki ya sinki ilikuwa inavuja, tumebadilisha washa. Gungu, Kigoma." Mteja huandika tatizo na mtaa wake, hatafuti sifa za fundi. Usirundike Ujiji, Mwanga na Katubuka kwenye picha moja. Taja ulikofanyia kazi.

Kupima, tumia simu ya mtu asiyekufuata. Yako hukupendelea.